Uzi: Nimepewa fomu 61 za ripoti niandike maoni ya mwalimu wa darasa, sina alama, rejesta wala rekodi ya tabia

Chaki_Nyeupe (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha shule ya msingi ya serikali huku Bahi. Nimehamia katikati ya Mei nikapewa Darasa la Tano. Mwalimu aliyekuwa na darasa hili amehamishiwa mkoa mwingine, na kompyuta yake yenye alama imeondoka naye, simu hapokei. Rejesta niliyokabidhiwa inaanza Mei, ya Januari mpaka Aprili haionekani. Daftari la tabia nimeulizia, nikaonekana mgeni kweli.

Sasa leo mwalimu wa taaluma kaniletea fomu 61 za ripoti, majina yameshachapwa, nafasi za alama ziko wazi. Anasema alama zitajazwa "zikipatikana", mimi nitangulize maoni kwa sababu shule inafungwa Ijumaa. Nikamuuliza, naandika nini kwa mtoto ambaye jina na sura yake sijavioanisha bado? Kanijibu: "Andika yanayofaa mwalimu, mzazi wa huku anaangalia mtoto kashika nafasi ya ngapi tu."

Niandike maneno ya jumla yasiyomuumiza mtu, au nikatae? Kama kuna njia ya tatu nielekezeni.

Msela_wa_Makole

"Ongeza bidii." Mara 61. Umemaliza, nenda kale ubwabwa.

Kibatari

Usijitese mwalimu. Sisi tuna karatasi ya maoni kwa madaraja, nimeitumia miaka. Mtoto wa alama 41 mpaka 50 unaandika "Hongera, dumisha kiwango hiki." Wa 31 mpaka 40, "Vizuri, unaweza kufika juu zaidi." Wa 21 mpaka 30, "Wastani, ongeza muda wa kujisomea." Kumi na moja mpaka 20, "Anahitaji msaada wa karibu wa mzazi." Chini ya hapo unamwita mzazi. Nikikutumia kwa wasapu unanakili tu, saa moja imeisha.

Chaki_Nyeupe

Asante Kibatari, ila hizo 41 na 31 ndizo sina. Nitajuaje nani anakaa kwenye kundi gani?

Kibatari

Alama za nusu muhula lazima walimu wa masomo wanazo. Yule aliyehama hakuwa anafundisha masomo yote peke yake. Wafuate mmoja mmoja.

Dogo_Prem

Mbona rahisi, ingia kwenye ule mfumo wa Prem wa kusajili wanafunzi uangalie matokeo yao. Kila mtoto ana namba yake ya Prem. Kama huna nywila muombe mwalimu mkuu.

Kibatari

Dogo, kule utapata usajili wa mtoto, jina na alikohamia. Jaribio la nusu muhula la Darasa la Tano la shule ya kijijini nani alikupandishia huko? Yeye anatafuta kilichotokea darasani tangu Januari.

Dogo_Prem

Sawa. Ila angalau majina atahakiki, si ndio?

Mama_Nkuhungu

Mimi ni mzazi, si mwalimu, mnivumilie. Mwaka juzi mwanangu alivunjika mguu mwezi wa pili, akakaa na plasta mpaka Pasaka imepita. Ripoti ikaja imeandikwa "Anashiriki vizuri katika michezo, anahudhuria bila kukosa." Nilicheka, halafu nikakaa nikafikiri: basi na zile alama pembeni yake nizisadiki vipi? Nilikwenda shuleni nikaambiwa "mama, hayo ni maneno tu." Kwa hiyo huyo anayesema wazazi tunaangalia nafasi tu anatusingizia. Na nyie mnaozuia ripoti kwa sababu ya mchango wa mahindi nina neno na nyie pia, ila leo si siku yake.

Msela_wa_Makole

Mguu una plasta halafu michezo safi 😂 huyo alikuwa mshabiki.

Babu_wa_Mpwapwa

Mwalimu, nimestaafu, nilishika ofisi ya mwalimu mkuu kwa miaka mingi huku kwetu milimani. Nimesoma maelezo yako mara mbili. Usikatae kazi, lakini usianze kuandika leo.

Msela ametania, ila nianzie kwake, kwa sababu ndilo neno ambalo wengi wangeandika. "Ongeza bidii" linaonekana halina ubaya. Kumbe linamwambia mzazi kwamba mtoto alizembea. Una ushahidi gani kwamba alizembea? "Ameimarika" linataka vipimo viwili, cha zamani na cha sasa, nawe huna hata kimoja. "Mtulivu darasani" linataka mtu aliyekaa naye darasani. "Anahudhuria vizuri" linataka rejesta. Hakuna neno la jumla lisilodai kitu. Ndiyo maana mwalimu asiye na kumbukumbu anaweza kuandika uongo 61 kwa upole kabisa, bila kumtukana mtoto yeyote.

Na huku kwetu yupo msomaji ambaye watu wa mjini humsahau. Mtoto wa Darasa la Tano anaipeleka ripoti kwa bibi yake, bibi hajui kusoma, mtoto ndiye anayemsomea kwa sauti. Kwa hiyo wa kwanza kuyasoma maneno yako ni mtoto mwenyewe, na yeye anajua kama ni kweli.

Sasa kazi. Kesho asubuhi, kabla ya kushika kalamu, safisha kwanza hiyo orodha. Keti na kiranja wa darasa na mtoto mwingine mmoja anayejua watu, soma majina yote 61. Utashangaa. Atakuwepo aliyehama, na huenda wapo walioandikwa mara mbili. Hakuna aibu kubwa kwa shule kama ripoti ya mtoto ambaye hayupo inayosema anashirikiana vizuri na wenzake.

Baada ya hapo fuata ushauri wa Kibatari kwa walimu wa masomo, hapo kasema kweli. Waombe karatasi zao wenyewe za alama, si alama za kichwani. Mwalimu akikwambia "yule alipata kama thelathini hivi", hiyo usiiandike.

Chaki_Nyeupe

Shikamoo babu. Asante sana. Vipi kuhusu mahudhurio? Nimeambiwa mwalimu wa zamu huandika kila siku idadi ya waliopo. Hicho kitabu kipo ofisini tangu Januari, hakuna siku iliyorukwa.

Babu_wa_Mpwapwa

Marahaba. Kipo, na kitakudanganya ukikitumia vibaya. Kitabu cha zamu kinaandika "Darasa la Tano: wavulana 24, wasichana 29". Hakina majina. Kinakwambia siku hiyo walikuwepo 53, hakikwambii nani hakuwepo. Ukiona Aprili idadi imeshuka mpaka 40 unajua darasa lilitoboka, basi. Huwezi kuchukua idadi hiyo ukaigawia watoto.

Rejesta yenyewe ina majina, ndiyo pekee. Itafute kabatini kwa mwalimu mkuu msaidizi, na kwa aliyekuwa akijumlisha mahudhurio ya mwezi. Isipopatikana, nafasi ya mahudhurio piga mstari mpaka Aprili, andika ya Mei peke yake ukisema wazi ni ya Mei: "siku 9 kati ya 11". Usichukue Mei ukaifanya muhula mzima. Mei huku mavuno yanaanza, si mwezi wa kawaida.

Fundi_Rejesta

Naongezea. Mimi ni taaluma shule moja hapa jijini. Wengine hutumia daftari la uji kukisia mahudhurio. Msifanye hivyo. Lile linaonyesha mzazi gani ameleta mahindi na gani hajaleta. Mtoto anaweza kuwa yupo kila siku na jina lake halimo. Vilevile kitabu cha adhabu: aliyeandikwa humo alichapwa siku hiyo, lakini asiyeandikwa haina maana kwamba ana tabia njema. Na aliyeandikwa mwezi wa pili usimpelekee tena nyumbani kwenye ripoti ya Juni.

Msela_wa_Makole

Sasa kama kila kitabu hakifai, mwalimu afanyeje, apige ramli?

Babu_wa_Mpwapwa

Hakupigwi ramli, kijana. Kuna kitu ambacho mtoto anakuja nacho mwenyewe kila asubuhi: daftari. Lina tarehe, lina kalamu nyekundu ya mwalimu aliyeondoka, na lina makosa ya mtoto mwenyewe. Mwalimu akihama, daftari linabaki.

Mwalimu, chukua madaftari ya somo moja tu, la Hisabati, kwa sababu mazoezi yake huandikwa namba na hurekebishwa mara kwa mara. Tafuta kwanza daftari lililo kamili, la mtoto unayeambiwa hakosi. Hesabu mazoezi yaliyotolewa tangu Januari. Hilo ndilo rula yako. Kila daftari lingine unalipima kwa hilo. Kwa dakika 4 kila moja, darasa lote ni kama saa 4, gawa kwa jioni mbili.

Ukianza, lete hapa mfano mmoja tuuangalie pamoja, bila jina.

Mama_Nkuhungu

Babu nimekupenda bure. Walimu wa mwanangu wangekuwa wewe.

Chaki_Nyeupe

Nimerudi, wakuu. Orodha imesafishika kweli. Mtoto mmoja alihamia Manyoni tangu Februari, na mwingine jina lake limechapwa mara mbili kwa tahajia mbili. Kwa hiyo watoto ni 59. Mwalimu wa Kiswahili na wa Sayansi wametoa karatasi zao za nusu muhula. Hisabati alifundisha yule aliyehama, kwa hiyo hakuna alama.

Daftari kamili lina mazoezi 31. Mfano huu hapa, tumwite Neema, si jina lake. Daftari lake lina mazoezi 19. Yanayokosekana 12: mawili yametawanyika, na 10 yamefuatana, la 18 mpaka la 27, yote ya Aprili. Kabla ya hapo kujumlisha na kutoa namba nzima anapata karibu yote. Aliporudi darasa lilikuwa kwenye sehemu, naye anakosa karibu zote. Ameandika 1/2 + 1/3 = 2/5.

Niandike mtoro?

Babu_wa_Mpwapwa

Usiandike. Daftari limekwambia kazi hazimo, halijakwambia yeye alikuwa wapi. Anaweza kuwa alikuja na daftari limejaa, akaandikia karatasi. Angalia ukurasa unaofuata pengo: kama ni daftari jipya na linaanza na zoezi la 28, basi huenda kuna daftari la kati limepotea nyumbani. Kama ni daftari lilelile na zoezi la 28 linafuata la 17 ukurasa uleule, hapo hakuandika. Kisha muulize mwenyewe, faraghani, bila fimbo mezani.

Hilo kosa la 2/5 ni zuri sana kwako. Kajumlisha kiasi kwa kiasi, asili kwa asili. Hilo si la mtoto mzito wa akili, ni la mtoto aliyekosa somo la kulinganisha asili. Angelipata angeandika 3/6 + 2/6 = 5/6. Sasa una jambo la kumwambia mzazi ambalo hakuna mtu angeweza kulitunga.

Chaki_Nyeupe

Daftari ni lilelile, ukurasa uleule. Nimemuuliza. Alikuwa shambani na mama yake wanaamia ndege kwenye uwele.

Kibatari

Ndege wa Aprili hao. Hata kwetu Chemba darasa hupungua hivyohivyo. Usipowafukuza kweleakwelea wiki mbili unavuna mabua.

Fundi_Rejesta

Mimi ningeandika sababu kwenye ripoti ili mzazi ajue shule imeona.

Babu_wa_Mpwapwa

Hapana Fundi, hapo sikubaliani nawe. Ripoti inabaki kwenye faili, mtoto akihama inahama naye. Uwele ni chakula cha nyumba ile, mama hakuwa na mtu mwingine. Liseme jambo hilo uso kwa uso mzazi akija, mpange pamoja msimu ujao mtoto apokezane na mwingine asubuhi. Kwenye karatasi weka kilicho daftarini tu.

Fomu zina mistari miwili, kwa hiyo mimi ningeandika hivi:

"Hisabati: namba nzima anaziweza. Sehemu zenye asili tofauti bado, kwani mazoezi 10 ya Aprili hayamo daftarini. Likizo afanye mazoezi ya kulinganisha asili. Mzazi tuonane Julai."

Hakuna neno la tabia humo. Hakuna "ongeza bidii". Mama akisomewa anajua afanye nini, na mtoto akisoma anajua mwalimu amefungua daftari lake.

Fundi_Rejesta

Sawa babu, lakini wewe ulikuwa na wakati. Shule zetu mwalimu mmoja ana madarasa mawili na watoto mia na kitu. Hatafungua madaftari yote.

Babu_wa_Mpwapwa

Hilo ni kweli na sina dawa yake. Ndiyo maana nimesema somo moja.

Kibatari

Sasa Chaki, ambao umepata alama za Kiswahili na Sayansi peke yake tumia ile karatasi yangu, andika tu jina la somo mbele. "Kiswahili 38 kati ya 50, vizuri." Ila jumla usiijumlishe. Masomo mawili hayakupi jumla ya masomo yote, na nafasi darasani huwezi kuipanga kama Hisabati ya kila mtu haipo.

Babu_wa_Mpwapwa

Hapo umenena. Na asiyefanya mtihani aandikwe "hakufanya", asipewe 0. Sifuri inasema alikaa kwenye mtihani akashindwa, na ikiingia kwenye wastani inamshusha kwa kosa ambalo si la akili yake. Mwalimu wa taaluma atakapojaza alama hizo hakikisha anaziacha hivyo.

Dogo_Prem

Na wale ambao hawana alama wala daftari?

Babu_wa_Mpwapwa

Hao watakuwepo. Wapo watoto wenye daftari moja kwa masomo yote, wapo wanaolala nyumba ya ndugu na daftari limebaki kwingine. Kwao mwalimu aandike ukweli mfupi: "Nimepokea darasa hili mwezi Mei. Kumbukumbu za muhula hazijakamilika, maoni kamili yatatolewa muhula wa pili." Mstari wa tabia na mwenendo upigwe kistari. Kistari si tusi.

Fundi_Rejesta

Babu, ukiandika "kumbukumbu hazijakamilika" umeianika shule. Afisa elimu kata akiiona ripoti hiyo kwa mzazi, atakayeitwa ni Chaki, si yule aliyeondoka na kompyuta. Yeye ni mgeni pale. Mimi kwa faida yake ningemshauri aache nafasi wazi kabisa, anyamaze.

Babu_wa_Mpwapwa

Nafasi wazi inajazwa na mtu mwingine kwa mwandiko mwingine, Fundi. Umewahi kuona, nami nimewahi kuona. Ila hoja yako ya kumlinda naipokea. Maneno hayo yasiwe yake peke yake. Mwalimu mkuu aandike karatasi moja ya kuambatanisha na ripoti zote za Darasa la Tano, aisaini na kuipiga muhuri, aseme darasa limebadilisha mwalimu na kumbukumbu za Januari mpaka Aprili zinatafutwa. Chini ya karatasi hiyo, maneno ya Chaki hayana mzigo.

Mama_Nkuhungu

Mimi mzazi ningeipokea karatasi hiyo kwa heshima kuliko ile ya mguu.

Chaki_Nyeupe

Nawapa mrejesho. Katika watoto 59, nimepata 38 ambao madaftari yao yana cha kusema, nimewaandikia kama Neema, kila mmoja na lake. Kumi na wanne nina alama za Kiswahili na Sayansi tu, nimefuata karatasi ya Kibatari bila jumla wala nafasi. Saba sina kitu.

Mwalimu mkuu nimemwendea na rasimu ya hiyo karatasi ya muhuri. Amesoma, amebadilisha maneno mawili, amekubali kusaini. Rejesta ya Februari na Machi imepatikana pia, ilikuwa chini ya boksi la chaki. Januari na Aprili bado.

Kilichobaki ni mwalimu wa taaluma. Anasema ile safu ya tabia na mwenendo, yaani usafi, utii, ushirikiano na kadhalika, haiwezi kuwa na vistari, fomu itaonekana haijakamilika. Anataka wote 59 wapewe B, "B haimdhuru mtu". Wale 38 nawajua kwa madaftari yao, si kwa utii wao. Kwa hiyo hata hao sina B ya kuwapa.

Fundi_Rejesta

B ya wote inamdhuru. Ile ya muhula wa pili ukimpa C kwa haki, mzazi atauliza alishuka lini.

Kibatari

Mimi kwa hilo niko na taaluma, samahani. Kila shule inafanya. Ukikataa safu hiyo utaonekana unawafundisha kazi watu waliokutangulia.

Babu_wa_Mpwapwa

Mpe wale ulioishi nao wiki hizi za Mei na uliowaona kwa macho, hata kama ni watano: usafi unaonekana, ushirikiano unaonekana kwenye kufagia. Andika pembeni "Mei". Wengine kistari. Akikataa, mwambie ajaze yeye kwa mwandiko wake na asaini mbele ya safu hiyo.

Chaki_Nyeupe

Nimemwambia hivyo asubuhi hii, kwa adabu. Amezichukua fomu zote akaenda nazo ofisini, hajazirudisha. Kesho ndiyo Ijumaa.

Msela_wa_Makole

Ungepiga picha mwandiko wako kabla hajazichukua.

Chaki_Nyeupe

Nimeshapiga za wale 38. Za waliobaki sikuwahi.